Nyota haijasema atarudi

Mdogo wangu wa Dzaleka, barua yako imenifikia, na wala usione haya kuniandikia. Yaliyokukuta yamewakuta wengi. Wewe na mwenzio mmekaa pamoja miaka mitatu, mkaanzisha biashara ya vitenge, akawa anashusha mzigo Lilongwe, halafu siku moja ukapokea ujumbe mfupi kwenye simu kwamba yameisha. Shoga yako akakushika mkono mpaka kwa mama anayesoma karata. Ikatoka Nyota, mama akatabasamu, akasema, "Huyo atarudi tu." Tangu siku hiyo unalala na simu kifuani.

Hebu tuitazame hiyo karata vizuri, maana umeambiwa nusu. Nyota ni ya 17, na inayoitangulia, ya 16, ni Mnara: radi inapiga jengo, watu wanaporomoka. Ndiyo maana wasomaji wa karata huiita Nyota karata ya kupona. Inakuja baada ya nyumba kuanguka, haiji kusema nyumba haikuanguka. Sasa angalia picha yenyewe, ile iliyochorwa na Pamela Colman Smith mwaka 1909. Mwanamke amepiga goti ukingoni mwa maji, yuko uchi, hana cha kuficha. Mkononi ana mitungi miwili: mmoja anaumimina bwawani, mwingine anaumwaga kwenye nchi kavu. Juu yake kuna nyota kubwa moja na ndogo saba. Mwanamume yuko wapi? Hayupo, mdogo wangu. Mwanamke yuko peke yake, na ana kazi mikononi.

Kwa hiyo aliyekwambia "atarudi" aliongeza la kwake. Na hapo ndipo ninapokukemea kidogo. Umesema sasa anataka umtumie kwacha kwa Airtel Money ili "aisafishe nyota yako" jamaa arudi haraka. Usitume hata tambala moja! Leo ni ya kusafisha, kesho ni ya ubani, keshokutwa utaambiwa kuna mwanamke Lilongwe amekufunga. Karata iliyokwisha funuliwa haidai malipo ya pili. Ukiona tumaini lina bei inayopanda, ujue umeshikwa masikio.

Haya, mitungi yote miwili ni yako. Wa bwawani ni wa moyo. Lia, kwa dada au kwa rafiki asiyepeleka maneno bombani, kwenye foleni ya maji. Zile picha zake usizifungue usiku. Na ukapime kituo cha afya, mimba na virusi, kwa sababu hujui Lilongwe alikuwa na nani. Majibu ya virusi yakiwa salama leo, waulize urudi lini kupima tena, maana maambukizi ya karibuni yanaweza yasionekane mapema.

Mtungi wa nchi kavu ndio wengi wanausahau. Umeniambia jina lake na lako yako kwenye faili moja la familia. Nenda kwenye usajili ukaeleze kwamba mmetengana, kabla hajaeleza yeye kwa namna yake. Msaada huhesabiwa kwa vichwa vya kaya, na siku ya mahojiano ya kuhamishiwa nchi ya tatu, ndoa iliyokufa lakini ingali hai kwenye karatasi itakuletea maswali magumu. Sema ukweli, hata kama bado unamtamani. Akirejea siku moja, hilo nalo mtalieleza.

Halafu vitenge. Hesabu vilivyobaki, andika nani anadaiwa, badilisha namba ya siri ya simu kama anaijua. Kama mlikuwa mnaweka akiba kwa jina lake kwenye banki mkhonde, mwone mwekahazina mapema, mbele ya mashahidi, si siku ya kugawana.

Na lile wazo la kupanda minibasi ukamfuate mjini uliache. Tangu serikali ilipoamuru mwaka 2023 wakimbizi warudi kambini, kukutwa Lilongwe bila kibali si jambo dogo. Utajikuta kituo cha polisi kwa ajili ya mtu ambaye hata simu hapokei. Maji yakimwagika hayazoleki, mdogo wangu, na wewe unataka kuyafuata mpaka mjini!

Sikunyang'anyi karata yako. Ukiipenda ibandike ukutani, ila uiulize swali jingine: si "atarudi lini?" bali "leo nimemwaga nini kwenye nchi kavu?" Ikipita wiki na jibu ni hamna, basi bado unasubiri, hujaanza kupona. Jumatatu anza na ofisi ya usajili, kisha niandikie walikujibu nini.