Maumivu Baada ya Biriani: Si Kila Mara ni Vidonda vya Tumbo

Chukua mfano wa mama wa miaka 42 aliyekula biriani ya mbuzi na sambusa kwenye harusi, saa mbili usiku. Saa nne anaanza kuhisi maumivu chini ya mbavu za kulia, karibu na chembe ya moyo. Yanapanda haraka, kisha yanatulia palepale juu, makali, bila kupungua. Yanapenya hadi mgongoni na kwenye bega la kulia. Anatapika, lakini kutapika hakumpi nafuu. Anajigeuza kila upande, anameza dawa ya kupunguza asidi, wapi. Saa saba usiku yanaisha yenyewe na asubuhi anaamka mzima, ila kachoka.

Mama huyu akisema "tumbo linaniuma nikila", ni rahisi aandikiwe dawa za vidonda vya tumbo na azimeze kwa miezi. Lakini alivyoumwa usiku ule, cha kushukiwa kwanza ni mawe kwenye mfuko wa nyongo.

Mfuko huo umejificha chini ya ini na kazi yake ni kuhifadhi nyongo. Mafuta yakifika kwenye utumbo mwembamba, utumbo hutoa homoni inayouamuru mfuko ujikamue, nyongo ishuke kuyayeyusha. Kukiwa na jiwe ndani, mkamuo huo unaweza kulisukuma hadi likwame mlangoni. Mfuko unaendelea kukaza, nyongo haina pa kupita, na hapo ndipo maumivu yanapozaliwa. Jiwe likirudi nyuma, yanakwisha. Ndiyo sababu mgonjwa hudhani amepona, kumbe jiwe bado limo.

Kiungulia huchoma, na mara nyingi dawa za asidi hukituliza. Maumivu ya mawe hukaza, hudumu kati ya nusu saa na saa chache, kisha huondoka na huenda yasirudi kwa wiki kadhaa. Kuyathibitisha kunahitaji kipimo cha ultrasaundi ya tumbo. Nenda ukiwa hujala kwa saa sita hadi nane: ukila, mfuko hujikamua ukasinyaa, na mawe yakawa magumu kuonekana. Mawe yakikutwa kwa bahati kwa mtu asiyeumwa, kwa kawaida huachwa. Yakishaanza kuuma, tiba ya kudumu ni upasuaji wa kuondoa mfuko wenyewe, na mtu huishi vizuri bila huo. Usihangaike na mafuta ya zeituni na maji ya limau ya "kusafisha nyongo": yale madonge ya kijani yanayotoka chooni ni mafuta yaliyoganda tumboni, si mawe, na mafuta mengi namna hiyo yanaweza kukuletea shambulio.

Chakula hakiyeyushi mawe. Kinachoweza kufanya ni kupunguza mashambulio wakati unasubiri matibabu. Epuka chipsi mayai, kuku wa kukaanga, sambusa, maandazi, nyama yenye mafuta, supu ya kongoro, samli, na mchuzi wa tui zito. Samaki wa kuchoma au kuchemsha, maharage yasiyoungwa kwa mafuta mengi, ugali, mboga za majani na matunda huvumilika zaidi. Kula kidogo kidogo. Wanaofunga Ramadhani wawe waangalifu hasa wakati wa kufuturu, maana vya kukaanga huingia kwa wingi baada ya mfuko kushinda umejaa. Wala usijinyime chakula ili ukonde haraka, kwani kupungua uzito ghafla huzalisha mawe mapya.

Sasa tazama saa. Maumivu yakidumu zaidi ya saa tano au sita bila kuachia, hilo si shambulio la kawaida tena; huenda mfuko umevimba. Nenda hospitali, hata kama ni usiku wa manane. Nenda mara moja ukipata homa au kutetemeka kwa baridi, macho yakigeuka manjano, mkojo ukiwa kama chai ya rangi au choo kikipauka: jiwe linaweza kuwa limeziba njia kuu ya nyongo, na maambukizi hapo huua haraka. Vivyo hivyo ukiwa na maumivu makali yanayopenya hadi mgongoni na kutapika kusikokoma, kwani kongosho linaweza kuwa limeathirika.

Maumivu yakibana kifua, yakienda mkononi au kwenye taya, pamoja na jasho jingi, yachukulie kuwa ya moyo mpaka daktari aseme vingine. Mjamzito anayeumwa chini ya mbavu za kulia asingoje, kwani inaweza kuwa shinikizo la damu la ujauzito. Na mwenye selimundu, hata akiwa mtoto, anaweza kupata mawe haya. Mtajie daktari ugonjwa huo mapema.

Usile chochote njiani, na ukifika eleza saa maumivu yalipoanza na chakula ulichokula kabla yake.