Ondoa Sumu Stoo Bila Kumhamishia Jirani

Fungua kabati la dawa, kisha stoo. Utakuta sirapu ya kikohozi ya mwaka juzi, kopo la rangi lililobaki ulipopaka sebule na chupa ya dawa ya wadudu waliokuwa wakila nyanya zako. Vyote umevichoka, na njia ya mkato ni kuvimwaga chooni au kuvichoma pamoja na taka. Usifanye hivyo. Kinachomwagwa chooni kinaweza kufika kisimani, na kinachochomwa uani kinageuka moshi mnaouvuta ninyi wenyewe.

Anza kwa kuvitenga katika mafungu matatu, nje, penye hewa. Vaa glavu na viatu vya kufunika. Watoto wawe mbali. Usimimine kitu kimoja ndani ya kingine ili kupunguza makopo.

Dawa za binadamu ndizo rahisi. Kwanza uliza famasi au hospitali ya karibu kama wanapokea dawa zilizokwisha muda. Wakikubali, wapelekee zikiwa kwenye paketi zake ili wajue ni nini.

Wakikataa, toa vidonge kwenye paketi na uviweke kwenye mfuko wa plastiki usiovuja. Usivipondeponde, unga wake utauvuta puani. Changanya na majani ya chai yaliyokwisha tumika, majivu au mchanga wenye unyevu mpaka mtu asitamani kuvigusa. Sirapu nayo imimine humohumo, ila ongeza majivu hadi inywewe yote. Funga mfuko, uweke kwenye kopo lenye kifuniko, kisha ndipo uende na taka za nyumbani. Fanya hivi kwa sababu kuna watu wanaochambua jalala, na kidonge kinachoonekana kizima kinaweza kuokotwa na kumezwa.

Maboksi yakate na ufute jina la mgonjwa. Sindano za insulini zikusanye kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko cha kuzungusha, uipeleke kituo cha afya. Kopo la dawa ya pumu usilitoboe wala usilitie motoni, linaweza kulipuka. Mofini na dawa za saratani zilizobaki zirudishe hospitali iliyozitoa, hata kama ni matone machache. Hizo hazifai kuchanganywa nyumbani.

Tuje kwenye rangi. Fungua kopo ukoroge kwa kijiti. Ikirudi kuwa laini, bado ni mali: paka ukuta wa nyuma au mpe fundi. Ila kopo la zamani usilolijua asili yake usilipake kitanda cha mtoto wala vitu vyake vya kuchezea, kwa sababu huenda rangi hiyo ina risasi.

Rangi ya maji iliyoharibika huisha hatari ya kumwagika ikikauka. Ongeza mchanga au vumbi la mbao kiasi kinacholingana na rangi yenyewe, koroga, acha wazi mahali penye kivuli. Chomeka kijiti baada ya siku kadhaa. Kikitoka kikavu, peleka kopo likiwa wazi, mzoa taka aone kwamba hakuna kitakachomwagika kwenye gari.

Rangi ya mafuta ni habari nyingine, kwa kuwa inashika moto. Mabaki ya chini ya kopo yakaushe nje hivyohivyo, mbali na jiko na sigara. Kama ni kopo zima, uliza duka la rangi au ofisi ya mazingira ya halmashauri kabla ya kugusa chochote. Thina uliyooshea brashi usiimwage. Iweke kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, uiache itulie. Rangi itazama chini, na thina safi ya juu utaimimina taratibu uitumie tena. Matambara yaliyolowa rangi hiyo usiyarundike kwenye ndoo: yanapokauka hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe. Yatandaze nje moja moja mpaka yakakamae.

Sasa viuatilifu, na hapa nakuomba usifanye haraka. Njia bora ya kuondoa kiuatilifu ambacho hakijakwisha muda ni kukitumia kwenye zao lililoandikwa kwenye lebo. Tuseme chupa yako ya mililita 100 imebaki na mililita 30, na lebo inasema mililita 15 kwa bomba la lita 15. Una dawa ya mabomba mawili. Huna shamba la kutosha? Mpe jirani anayelima zao hilohilo, ikiwa ndani ya chupa yake yenye lebo. Kuipunguzia kwenye chupa ya soda ni kumtegea mtoto sumu.

Chupa ikiisha, isuuze mara tatu palepale unapochanganya, kabla hujajaza bomba. Tia maji robo ya chupa, yaani mililita 25 hivi, funga, tikisa nusu dakika, mimina kwenye bomba. Rudia mara mbili zaidi. Maji ya kusuuzia yanakuwa sehemu ya dawa unayopulizia, kwa hiyo hubaki na maji ya sumu ya kutafutia pa kumwaga. Kisha itoboe chupa chini na ubavuni, isije ikawekwa mafuta ya kula, uirudishe duka la pembejeo kama wanakusanya.

Kilichokwisha muda, au kisicho na lebo, usikitumie wala usikifukie. Kiache kwenye chupa yake. Simamisha chupa ndani ya ndoo yenye mchanga ili ikivuja mchanga unywe, funika, fungia mahali ambapo hakuna anayelala wala kuhifadhi chakula. Kisha mwone afisa kilimo. Tanzania, wenye dhamana ya viuatilifu ni TPHPA, na Kenya ni PCPB. Kusubiri mwezi na ndoo iliyofungwa ni salama kuliko kumwaga leo.

Kuna kimoja kinachohitaji tahadhari kuliko vyote: vidonge vya kijivu vya kuhifadhia mahindi. Vikipata unyevu, hata wa hewani, hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo inaua. Ukivitupa chooni au ukavimwagia maji, gesi hutoka kwa kasi na inaweza kuwaka. Kopo ambalo halijafunguliwa lirudishe dukani likiwa kavu. Lililofunguliwa usilihifadhi kwenye nyumba ya kulala, hata kwa usiku mmoja. Unga wa kijivu uliobaki juu ya magunia ubebe nje ukiwa mkavu, uuache wazi mahali pasipopita watu wala kuku, kisha uufukie nusu mita kwenda chini, mbali na kisima. Mkihisi harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza ndani, tokeni nje kwanza. Pia kutokuwepo kwa harufu si uthibitisho kwamba hakuna gesi.

Mtu akijimwagia kiuatilifu, mvue nguo na mwoshe kwa maji mengi na sabuni. Akiwa amekimeza, usimtapishe wala usimpe maziwa. Mwahishe hospitali na ubebe chupa yenye lebo, maana daktari huchagua tiba kwa jina la sumu. Mboni zilizosinyaa kama tundu la sindano, mate kumtoka ovyo na jasho jingi ni dalili za sumu za kundi la ogano-fosfeti, usisubiri zizidi.

Ukimaliza, nguo ulizovaa zifue peke yake, glavu zioshe kwa nje kabla ya kuzivua, kisha nawa mikono hadi kwenye viwiko.