Mvumo wa Hz 100 na toni ya chini: dirisha linahitaji urefu gani?

Katika kazi yangu juu ya toni za Kilingala nilirekodi mwanaume mmoja akisema maneno matatu tunayoyajua sote: moto (mtu), motó (kichwa) na móto (moto wa kupikia). Nilitaka kupima irabu ya mwisho. Matokeo yalinifurahisha kwa siku mbili. Katika neno moto, toni ya chini ya mwisho ilitoka Hz 100 katika marudio yote kumi na mawili, bila kupanda wala kushuka. Siku ya tatu nilipima sehemu ya kimya kabla ya msemaji kufungua mdomo. Nayo ilitoa Hz 100.

Hakuna koo la mtu linaloshika namba namna hiyo. Nilikuwa nimepima umeme. Umeme wetu unageuka mara 50 kwa sekunde, na chuma cha transfoma kinatikisika mara mbili katika kila mzunguko. Ndiyo maana mvumo wake unasikika kwenye Hz 100. (Kwenye jenereta ningegundua mapema, kwa sababu jenereta haitulii kwenye namba moja.) Sauti ya msemaji ilikuwepo chini ya mvumo huo, lakini irabu ya mwisho inatamkwa kwa nguvu kidogo, na programu ilishika kilichokuwa na nguvu zaidi.

Swali likawa hili: ikiwa sauti iko karibu Hz 108 na mvumo uko Hz 100, naweza kuona vilele viwili katika spektra? Kabla ya kugusa rekodi, nilitengeneza mawimbi mawili safi ndani ya Praat, ili nijue jibu sahihi tangu mwanzo:

```
Create Sound from formula: "mbili", 1, 0, 0.06, 44100,
... "0.3*sin(2*pi*100*x) + 0.3*sin(2*pi*108*x)"
To Spectrum: "no"
```

Hapo dirisha, yaani kipande cha sauti kinachochambuliwa, lina sekunde 0.06. Spektra ilinipa kilima kimoja kipana, kilele chake karibu Hz 104, mahali ambapo hakuna wimbi lolote.

Mpiga gitaa ataelewa sababu haraka kuliko mimi. Anapopatanisha nyuzi mbili ambazo zinakaribiana lakini hazijalingana, anasikia sauti moja inayovimba na kufifia. Tofauti ikiwa Hz 8, inavimba mara 8 kwa sekunde, maana yake mara moja kila sekunde 0.125. Anayesikiliza kwa sekunde 0.06 tu anapata nusu ya mwendo huo: anasikia sauti moja ya Hz 104 inayofifia. Kwake hakuna nyuzi mbili. Spektra nayo haina habari zaidi ya zile zilizomo katika kipande tulichoipa. Kwa hiyo kama T ni urefu wa dirisha kwa sekunde, tofauti ndogo inayoweza kuonekana ni karibu 1/T. Kwa Hz 8 tunahitaji walau sekunde 0.125.

Wenzangu wawili walinishauri nibadilishe "no" kuwa "yes" katika amri ya mwisho, kwa sababu mstari unakuwa laini zaidi. Ni kweli unakuwa laini. Programu inaongeza sufuri mwishoni mwa sauti, na nukta za spektra zinakaribiana: katika mfano wangu kutoka Hz 16.7 hadi Hz 10.8. Lakini sufuri si sauti. Kilima kilibaki kimoja, kimechorwa vizuri zaidi tu.

Niliongeza urefu hadi sekunde 0.25, vilele viwili vikatokea, 100 na 108, na bonde kati yao. Ningeishia hapo kama mawimbi yote yangekuwa na nguvu sawa kama katika jaribio langu. Katika rekodi, moja lilikuwa dhaifu, na hapo kuna jambo la pili: uvujaji.

Tunapokata sauti ghafla pande zote mbili, tunatumia dirisha la mstatili. Spektra inalipa gharama ya ukataji huo: nguvu ya wimbi moja haibaki mahali pake, inavuja pembeni na kutengeneza vilima vidogo. Cha kwanza kiko desibeli 13 tu chini ya kilele, na vinavyofuata vinapungua polepole. Sauti iliyo desibeli 25 chini ya mvumo inaweza kupotea kati ya vilima hivyo, au, vibaya zaidi, mtafiti anaweza kuchukua kilima cha uvujaji akakiita harmoniki. Njia ya kukigundua ni kubadilisha urefu wa dirisha: kilima cha uvujaji kinahama, wimbi la kweli linabaki mahali pake.

Dawa ni dirisha linaloanza sufuri, linapanda na kushuka taratibu, kama lile la Hann:

```
Multiply by window: "Hanning"
```

Amri hii inatolewa kwa sauti, kabla ya kutengeneza spektra. Vilima vya pembeni vinashuka hadi desibeli 31 au zaidi chini ya kilele. Lakini kingo za kipande zimefifishwa, ni kama tumekifupisha, na kilele chenyewe kinakuwa kipana mara mbili. Nilipotia dirisha hilo katika sauti yangu ya sekunde 0.25, bonde lilijaa: kati ya 100 na 108 nikaona uwanda. Huo ndio mpaka wa Hann, 2/T. Kwa sekunde 0.375, yaani 3/T, bonde lilirudi wazi. Mawimbi yakiwa na nguvu tofauti sana, mimi sishuki chini ya 3/T.

Sasa turudi kwa msemaji. Irabu yake ya mwisho ina sekunde 0.12 tu. Kwa dirisha la Hann ninaweza kutenganisha Hz 17 (2 gawanya kwa 0.12), si Hz 8. Siwezi kumwomba avute irabu, maana nitapima kitu kingine. Kuchuja mvumo hakusaidii pia: kichujio chembamba cha kutosha kuacha 108 kinahitaji muda mrefu uleule ambao sina.

Nilipita njia nyingine. Harmoniki ya tatu ya sauti ya Hz 108 iko Hz 324. Mvumo wa umeme una wenzake kwenye vizidishi vya 50, na jirani wa karibu ni 300 na 350. Tofauti imekuwa Hz 24 upande mmoja na 26 upande mwingine. Hz 24 zinahitaji sekunde 0.083 kwa Hann. Mimi nina 0.12, karibu 3/T. Tena irabu o inatia nguvu eneo hilo, huku mvumo ukiwa dhaifu kuliko kwenye 100. Kilele kilionekana wazi kwenye 324. Nikagawanya kwa 3.

Harmoniki ya tatu si ya kila neno. Katika motó sauti ilikuwa Hz 131, na tatu yake, 393, inagusa 400. Hapo harmoniki ya kwanza ni bora: jirani yake ni 150, tofauti Hz 19, na dirisha langu linatosha kwa shida.

Marudio manne ya moto niliyaondoa. Ndani yake sauti ilishuka kutoka 112 hadi 104 katika irabu hiyohiyo, na harmoniki ya tatu ikapita Hz 24 nzima, kilele kikalala. Kurefusha dirisha kungekilaza zaidi, na kulifupisha kungerudisha mvumo.