Insha Iliyokua Hatua kwa Hatua

Mwalimu akishuku kwamba insha yako imeandikwa na akili bandia, kukana peke yake hakumsaidii. Mwonyeshe jinsi ilivyokua. Kama uliiandika katika Google Docs kwenye kompyuta, fungua File, kisha Version history, halafu See version history. Zitatokea tarehe na saa za kila hatua.

Tuchukue insha juu ya njia tano za Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Jumatatu kuna vichwa vitano tu. Jumatano aya ya mwendo imeandikwa, ikafutwa, ikaandikwa upya. Ijumaa hitimisho limebadilika. Hapo mwalimu anamwona mtu akihangaika na hoja. Lakini kurasa nne zikitokea kwa mara moja, zimebandikwa kutoka kwingine. Hata kama ni zako, historia haitakutetea.

Usimpelekee nakala, kwa sababu historia haiifuati. Mfungulie faili lenyewe, au mpe ruhusa ya kuhariri. Mwenye ruhusa ya kusoma tu haioni historia.

Hata hivyo, anayenakili polepole kwa mkono anaweza kuacha alama zinazofanana. Basi uwe tayari pia kuitetea hoja yako kwa mdomo.