Mafunzo Niliyopata: Ushirikiano Mmoja, Matangazo Mawili

Hapa Kinama, kaskazini mwa Bujumbura, mwenye duka la vitenge na fundi cherehani wa jirani waliamua kufanya kazi pamoja, wakaniomba niandike upya tangazo lao. La kwanza lilisema: "Tuna furaha kuwatangazia ushirikiano wetu mpya ili tuwahudumie vizuri zaidi." Wateja walilisoma, kisha wakauliza kama bei imepanda.

1. Anza na adha ya mteja.
Niliwauliza wote wawili watu huwalalamikia nini. Dukani, kina mama walisema kitenge hukaa kabatini kwa kukosa fundi wa kumwamini. Kwa fundi, shida ilikuwa kitambaa pungufu: mtu kanunua yadi 4, lakini mshono anaoutaka unakula 6. Kumbe ushirikiano ni mmoja, ila unatibu maumivu mawili tofauti.

2. Kila upande upewe maneno yake.
Dukani tulibandika: "Nunua kitenge, fundi akupime hapahapa Jumatano na Jumamosi alasiri. Kupimwa ni bure." Kwa fundi tukaandika: "Chagua mshono kwanza. Tutakuandikia yadi unazohitaji, na dukani watakukatia kiasi hicho." Sentensi hii ya pili haikuandikwa mpaka mwenye duka alipokubali kukata. Wauzaji wengi hupenda kuuza kipande kizima, maana mabaki hayatoki upesi. Tukakubaliana fundi ayanunue kwa bei nafuu, ashonee vilemba na nguo za watoto.

3. Taja kisichobadilika.
Mteja wa zamani akisikia biashara mbili zimeungana, huogopa kulazimishwa. Anayeleta kitambaa alichonunua kwingine hudhani atakataliwa, na mwenye fundi wake hudhani dukani atauziwa ghali. Kwa hiyo chini ya matangazo yote mawili tuliongeza: "Vitambaa vya kwingine tunashona kama kawaida. Bei ya kitenge ni ileile, ushone kwetu au usishone."

4. Ahadi iwe na mwenye kuijibu.
Nguo ikibana, anayerekebisha ni fundi. Rangi ikichuja, anayejibu ni mwenye duka. Tuliyaandika hayo wazi, la sivyo mteja angezungushwa huku na kule. Muda nao uliwekewa mpaka: siku za kawaida nguo huwa tayari baada ya wiki moja, lakini kwa ajili ya Idi au Mwaka Mpya, kitambaa kifike wiki tatu kabla.

5. Sikiliza maswali.
Kabla hujabandika tangazo, msomee mteja mmoja wa kila upande, kisha mwambie akueleze yeye anapata nini. Akijibu "mmeungana", rudi ukaandike. Matangazo mapya yalipokaa ukutani, swali la bei lilipungua. Dukani wakaanza kuuliza fundi anafika saa ngapi, na kwa fundi wakauliza gauni la mikono mirefu linahitaji yadi ngapi.