Kitufe cha Simu Kikikwama au Kufa: Maswali ya Wakazi wa Matsangoni

Maelezo haya ni ya wenye simu za Android, kama vile Tecno, Infinix, itel na Samsung, ambao kitufe cha kuwasha au cha sauti kimekwama au hakifanyi kazi tena. Majina ya kwenye kioo yameandikwa kama yanavyoonekana simu ikiwa kwa Kiingereza. Yanaweza kutofautiana kidogo kati ya aina moja ya simu na nyingine.

Mbona vitufe huharibika haraka huku kwetu pwani?

Chini ya plastiki unayoibonyeza mna kibati chembamba kama kuba, na chini yake utepe wa nyaya ambao mafundi huuita fleksi. Jasho, mchanga na unyevu wenye chumvi hujipenyeza ubavuni, maji hukauka, chumvi hubaki na kuila ile shaba pole pole. Simu inayoingia baharini Uyombo, au inayokaa kwenye kikapu kibichi cha samaki, huwa na hatari hiyo hata kama siku ya kwanza ilionekana nzima.

Nitajuaje kama ni uchafu tu au kimekufa?

Vua kava kwanza, kwa maana kava lililokaza au la saizi nyingine hubonyeza kitufe mchana kutwa bila mwenyewe kujua. Kisha bonyeza taratibu. Kitufe kikizama bila kurudi, au kikirudi kwa uzito, yaelekea ni uchafu. Kikilia "tik" kama kawaida na simu isiitike, hitilafu iko ndani, kwenye fleksi au mahali inapochomekwa.

Tazama pia mgongo wa simu. Ukiona umevimba au kioo kimeinuka ukingoni, huenda ni betri iliyofura ndiyo inayosukuma kitufe. Hapo usiichaji, usiibonyeze na usiitoboe. Iweke mbali na godoro na nguo, na uipeleke kwa fundi mapema.

Kitufe cha kuwasha kimekufa lakini simu ingali inawaka. Nianze na nini?

Anza kwa kuilinda isizime. Simu iliyo hai ina njia nyingi za kutumika bila kitufe. Iliyozimika yaweza kukosa hata moja. Ichaji kabla haijashuka sana, hasa nyakati ambazo stima hupotea usiku, na usikubali kusakinisha toleo jipya la mfumo, kwa kuwa mwishoni simu hujizima na kujiwasha upya.

Baada ya hapo weka kitufe mbadala juu ya kioo. Fungua `Settings`, kisha `Accessibility`, sehemu yenye alama ya mtu aliyenyoosha mikono. Sehemu hii ilitengenezwa kwa watu wenye ulemavu wa mikono, macho au masikio, lakini iko wazi kwa kila mtu na haina malipo. Tafuta `Accessibility Menu` na uiwashe. Simu itakuonya kwamba huduma hiyo itaweza kutenda mambo kwenye kioo. Hiyo ni sehemu ya mfumo wenyewe wa Android, hivyo unaweza kukubali. Programu ngeni uliyotumiwa na mtu ikiomba ruhusa kama hiyo, ikatae.

Alama ndogo itatokea pembeni au chini ya kioo. Ukiigusa, hufunguka vibonye vikubwa: `Lock screen` cha kufunga kioo, `Volume up` na `Volume down` vya sauti, `Screenshot` cha kupiga picha ya kioo, na `Power` chenye kuzima au kuwasha upya. Kwenye Samsung, menyu ya namna hii huitwa `Assistant menu`, nayo iko ndani ya `Accessibility`, chini ya `Interaction and dexterity`.

Sawa, kioo nimekifunga. Nitakiamshaje?

Hili ndilo linalowakwamisha wengi, kwa sababu kioo kikiwa kimezima ile alama haionekani. Kabla ya kukifunga mara ya kwanza, tafuta ndani ya `Settings` maneno `Double tap to wake` au `Lift to wake`. La kwanza huamsha kioo kwa kukigonga mara mbili, la pili kwa kuinua simu. Kama simu yako haina hata moja, kuchomeka chaja huamsha kioo, na kupigiwa pia.

Simu nyingi siku hizi zina kitambuzi cha alama ya kidole ndani ya kitufe chenyewe cha kuwasha. Kitufe kinaweza kufa na kitambuzi kikabaki kizima, kwa hiyo weka kidole bila kubonyeza uone kama simu itafunguka.

Imezima kabisa. Je, nimeshaipoteza?

La, data yako ingalimo ndani. Ichomeke kwenye chaja uiache kwa muda, maana baadhi ya simu hujiwasha zenyewe, ingawa nyingi za Android huonyesha picha ya betri tu. Kama ulikuwa umeweka saa ya kujiwasha, ambayo simu kadhaa huiita `Scheduled power on/off`, itajiwasha saa hiyo ikifika, na ndiyo sababu inafaa kuiweka leo kama kitufe chako kimeanza kulegea. Isipowezekana, fundi hufungua mgongo na kuigusisha miguu miwili ya fleksi kwa kitambo kidogo ili simu iwake. Hiyo si kazi ya kujaribu nyumbani kwa kisu.

Wakati unasubiri, hamishia laini yako kwenye kabambe. M-Pesa itapatikana kwa kupiga `*334#`, na namba ya siri ni ile ile.

Programu zangu zimetoweka na kioo kimeandika "Safe mode". Nimedukuliwa?

Hofu hiyo inaeleweka, kwa kuwa simu huonekana kama si yako. `Safe mode` ni hali ya usalama ambamo simu huwaka na programu ilizotoka nazo kiwandani pekee. Simu nyingi huingia humo kitufe cha kupunguza sauti kikiwa kimebonyezwa wakati wa kuwaka. Kitufe kilichokwama chini kinafanya hivyo hivyo bila mkono wa mtu, na programu ulizoongeza, pamoja na ile ya M-Pesa, hufichwa tu bila kufutwa.

Tuchukue mfano wa muuza samaki aliyekuta hali hiyo asubuhi, baada ya simu kuzimika usiku na kuchajiwa. Kwanza anavua kava, kisha anabonyeza kitufe cha sauti mara kadhaa na kukisugua ukingoni kwa brashi kavu ya meno hadi kirudi juu. Ndipo anapowasha simu upya. Maneno `Safe mode` yakiondoka, tatizo lilikuwa uchafu. Yakirudi, kitufe bado kimebonyezwa kwa ndani na simu ni ya kupelekwa kwa fundi. Kuiwasha tena na tena hakutabadilisha lolote. Siku hiyo anaendelea kupokea malipo, maana kupiga na kupokea simu, ujumbe na `*334#` hufanya kazi hata katika hali hiyo.

Je, ikitokea menyu nyeusi yenye maandishi madogo?

Hapa tunaomba utulivu. Hiyo ni menyu ya urekebishaji, na mara nyingi huja kitufe cha kuongeza sauti kikiwa kimekwama wakati wa kuwaka. Ndani yake mna mstari `Wipe data/factory reset`, unaofuta picha, majina na ujumbe wote. Katika menyu hii vitufe vya sauti husogeza chaguo na kitufe cha kuwasha hukubali, kwa hivyo kitufe kibovu chaweza kusogeza chaguo chenyewe. Kama `Reboot system now` ndiyo imeangaziwa na imetulia, bonyeza kitufe cha kuwasha mara moja. Kama chaguo linatembea lenyewe, usibonyeze kitu; mpelekee fundi, na umwambie waziwazi kwamba hutaki data ifutwe.

Simu imeanza kuongea na haikubali kuguswa. Wengine wanasema ina jini.

Ni `TalkBack`, msomaji wa kioo anayewasaidia wasioona. Katika simu nyingi, kubonyeza vitufe vyote viwili vya sauti kwa pamoja kwa sekunde chache humwasha, na vitufe vilivyokwama hufanya hivyo pia. Ikiwa hivyo, gusa kitu mara moja ukichague, kigonge mara mbili kukifungua, na tumia vidole viwili kuteleza juu au chini. Nenda hivyo hivyo hadi `Settings`, `Accessibility`, `TalkBack`, uizime, na uzime pia njia yake ya mkato ili isirudi.

Kitufe kibovu chaweza kupiga simu ya dharura?

Ndiyo. Tangu Android 12, simu nyingi zina `Emergency SOS`: kitufe cha kuwasha kikibonyezwa mara tano kwa haraka, simu hupiga namba ya dharura. Mwaka wa 2023 polisi wa Uingereza walieleza kuongezeka kwa simu za 999 zisizokusudiwa, na huduma hii ikatajwa kuwa chanzo kimojawapo. Kenya nayo hutumia 999 na 112, kwa hivyo kitufe chako kikianza kujibonyeza, izime kwa muda kupitia `Safety & emergency`. Ikiwa simu imeshapigwa na mtu amepokea, usikate. Mwambie hakuna dharura, ili asiachwe akihangaika kukutafuta.

Naweza kukisafisha mwenyewe? Na mchele je?

Brashi kavu kwa nje haina madhara. Usitumie mafuta ya taa, mafuta ya nazi wala sindano, kwa sababu mafuta hunasa mchanga zaidi na sindano hutoboa fleksi. Mchele unapendwa na wengi, lakini hauondoi chumvi, ambayo ndiyo inayokula shaba, na vumbi lake huingia kwenye matundu. Fundi hufungua simu na kuisafisha kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ambayo hukauka upesi.

Nina haki gani nikiipeleka kutengenezwa?

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mteja haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na ya kupewa maelezo ya kutosha kuzihusu. Basi uliza kabla haijafunguliwa: ni kusafisha, kubadilisha kitufe au fleksi nzima, na bei ya kila moja ni ngapi? Ikiwa simu ingali na waranti, au bado unailipa kwa mkopo, anza kwa aliyekuuzia, kwa kuwa kufunguliwa na mtu mwingine kunaweza kukuondolea dai lako. Ujue pia kwamba waranti nyingi hazigharamii madhara ya maji.

Piga `*#06#` unakili namba ya IMEI, tarakimu 15 zinazoitambulisha simu yako, kisha toa laini na kadi ya kumbukumbu ubaki nazo. Namba ya siri ya M-Pesa haihitajiki kwa kazi yoyote ya kitufe, hivyo hakuna fundi anayepaswa kuiuliza. Akihitaji kioo kifunguliwe ili ajaribu, kifungue mwenyewe ukiwa hapo.

Nikague nini kabla ya kuondoka dukani?

Bonyeza kila kitufe mara kadhaa, zima simu na uiwashe, kisha ujaribu alama ya kidole, kwa sababu katika baadhi ya simu kitambuzi hukataa baada ya fleksi kubadilishwa. Linganisha IMEI na ile uliyoiandika. Na kama uliizima `Emergency SOS`, iwashe tena.