Chupa Ipi ya Kidonda, Chupa Ipi ya Sakafu

Mimi ni muuguzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusafisha na kufunga vidonda. Wagonjwa wengi hufika wakiwa wameshajitibu nyumbani, na nimezoea kuwaomba waje na kila chupa waliyotumia. Mara kwa mara nakuta mchubuko mdogo uliopaswa kupona kwa siku chache umegeuka kidonda kibichi: pembezoni pamebabuka, katikati nyama imepauka, na mgonjwa analalamika kwamba panawaka moto. Nikiuliza alipaka nini, hujibu, "Dawa ya kuua vijidudu."

Jibu hilo halinitoshi. Maji yanayoua vijidudu kwenye sakafu yanaweza kuua pia seli changa zinazojaribu kuziba kidonda. Kwa hiyo nitaeleza jinsi ninavyozitofautisha chupa hizi.

Makundi matatu

Kundi la kwanza ni la kuoshea. Hapa kuna maji ya chumvi ya hospitali, yaani NaCl ya asilimia 0.9. Hayaui vijidudu. Kazi yake ni kusukuma nje mchanga, damu iliyoganda na usaha, na hayachomi kwa sababu chumvi yake inakaribiana na ile iliyomo mwilini.

Kundi la pili ni dawa za kuua vijidudu kwenye mwili wa mtu, kama povidoni ayodini na klorheksidini. Hizi zina masharti: baadhi ni za ngozi nzima tu, baadhi hukubalika kwenye kidonda, na nyingine lazima zizimuliwe kwanza.

Kundi la tatu ni dawa za vitu: sakafu, meza, ndoo, mikasi. Jiki imo humu, na hospitalini kuna glutaraldehidi ya kulowekea vifaa. Za kundi hili hazina ruhusa ya kugusa kidonda, hata zikizimuliwa.

Rangi haikuambii chupa ni ya kundi gani. Harufu nayo haikuambii, wala jina kubwa la kibiashara lililoandikwa mbele, kwa kuwa kampuni moja inaweza kuuza dawa ya mwili na dawa ya sakafu kwa jina lilelile. Kinachosema ukweli ni maandishi madogo yanayotaja kemikali na asilimia yake, pamoja na mstari unaoeleza matumizi.

Mfuko wa chupa tano

Siku moja alikuja mama mmoja na kijana wake aliyeanguka na bodaboda. Goti lilikuwa limechubuka kwa upana wa kiganja, na mchanga ulikuwa umenasa ndani. Mama alitoa mfuko na kusema, "Nesi, sikumpaka kitu, nimeogopa kukosea. Niambie ipi ni ipi." Tulizipanga mezani moja moja.

Ya kwanza ilikuwa chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, haina lebo, na ndani mna maji meupe. Alidhani ni maji ya chumvi aliyoletewa na shemeji yake. Niliiweka pembeni papo hapo. Jiki iliyozimuliwa, spiriti, peroksaidi na maji ya chumvi vyote ni vyeupe, na pua haiaminiki, hasa dawa ikiwa imezimuliwa sana. Chupa isiyo na lebo haipewi nafasi ya kujieleza, inamwagwa. Baadaye alikumbuka kwamba shemeji huyo hununua jiki kwenye dumu kubwa na kuwagawia ndugu.

Ya pili ilikuwa ya kahawia, imeandikwa povidoni ayodini, asilimia 7.5. Hapa ndipo hata watu wa hospitali huteleza. Povidoni ayodini ya kawaida ya kupaka ni ya asilimia 10. Ile ya 7.5 huwa ni skrabu ya kunawia mikono kabla ya upasuaji na kusafishia ngozi nzima, na imechanganywa na sabuni. Chupa zinafanana, rangi ya dawa inafanana, na mtu anaweza kudhani kwamba 7.5 ni bora kwa kuwa ni ndogo. Lakini sabuni ile huwasha na kudhuru nyama iliyo wazi. Ukiwa na shaka, tia matone machache kwenye maji kisha utikise: skrabu itatoa povu jingi linalodumu. Nilimwambia aiweke kwa ajili ya kunawa mikono.

Ya tatu ilikuwa detoli ya maji, yenye kloroksilenoli asilimia 4.8. Hii ni dawa ya mwili, lakini haipakwi kavu. Ikimiminwa bila maji hubabua ngozi, na kuifungia ndani ya bandeji ni vibaya zaidi. Kwa mchubuko, kipimo chake ni sehemu 1 katika 20, yaani mililita 25, ambazo ni vijiko vitano vya chai, ndani ya nusu lita ya maji. Ikishaingia kwenye maji hugeuka kama maziwa. Soma lebo ya chupa yako kabla ya kupima, maana chupa ya jina hilohilo iliyotengenezwa kwa ajili ya sakafu ina kemikali nyingine kabisa.

Ya nne ilitoka saluni ya dada yake: haidrojeni peroksaidi, H2O2, imeandikwa 20 vol. Namba hiyo si asilimia. 10 vol ni sawa na asilimia 3, ambayo ndiyo huuzwa kwa huduma ya kwanza. 20 vol ni asilimia 6, na 40 vol ni asilimia 12. Za saluni ni za nywele. Hata ile ya asilimia 3 siipendekezi kwa kuosha kidonda kila siku, kwa sababu povu linalowafurahisha watu hutokea pia dawa inapogusa damu na nyama nzima, na matumizi ya mara kwa mara huchelewesha kupona. Kwenye tundu refu la kidonda haiingizwi kabisa: hewa inayozalishwa inaweza kupenya kwenye mishipa ya damu.

Ya tano ilikuwa yenyewe: chupa ya plastiki ya mililita 500, NaCl asilimia 0.9. Lakini kifuniko kilikuwa kimefunguliwa wiki iliyopita. Maji haya hayana dawa ya kuyahifadhi, kwa hiyo chupa ikishafunguliwa vijidudu hupata makazi humo. Mimi huandika saa ya kufungua kwenye chupa, na zikipita saa 24 namwaga. Pia husoma jina lote, kwa sababu chupa ya maji ya sukari, yaani deksitrosi asilimia 5, hufanana nayo sana na haifai kuoshea kidonda.

Kwa hiyo kati ya chupa tano, hakuna hata moja iliyokuwa tayari kumiminwa kwenye goti lile kama ilivyokuwa.

Nilivyoliosha goti lile

Nilinawa mikono kwa sabuni, nikafungua chupa mpya ya maji ya chumvi na kuyasukuma kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kutoka katikati kwenda nje. Nilitumia karibu chupa nzima. Wingi wa maji ndio unaosafisha, na mchanga ukibaki ndani hakuna dawa itakayoufidia. Punje zilizogoma nilizitoa kwa gozi iliyolowa. Kisha nikapaka povidoni ayodini ya asilimia 10 safu nyembamba, nikaiacha ikauke, nikafunika kwa gozi safi. Nilikuwa nimeshauliza kwanza kama kijana ana ugonjwa wa tezi ya shingo au mzio wa ayodini, kwa kuwa mwenye tatizo hilo hapakwi. Halikadhalika siitumii kwa mtoto mchanga. Mwisho tuliangalia chanjo ya pepopunda.

Nyumbani ambako hakuna chupa ya hospitali, maji safi yaliyochemshwa na kupozwa yanatosha kwa mchubuko wa kawaida. Ukitaka maji ya chumvi, chemsha lita moja ya maji, tia kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi kilichosawazishwa, koroga, funika yapoe, na yatumie siku hiyohiyo. Haya si ya machoni, wala si ya kuchomwa mwilini. Jeraha lenye kina, linalovuja damu bila kukoma, la kuumwa na mnyama, au la mguu wa mgonjwa wa kisukari, lilete kituoni.

Spiriti ya asilimia 70 ina kazi yake: kufuta ngozi nzima kabla ya sindano. Kwenye kidonda huchoma na kuua seli, na kule kuwaka si dalili kwamba inaponya.

Jiki ibaki mahali pake

Jiki nyingi huku kwetu ina NaOCl ya asilimia 3.5. Kupata mchanganyiko wa asilimia 0.5 wa kutakasia vifaa na meza yenye damu, chukua kipimo kimoja cha jiki na vipimo sita vya maji, na uache kwa dakika 10. Kama chupa yako ina asilimia tofauti, hesabu hiyo haifai. Changanya upya kila siku, kwa sababu nguvu yake hupungua, na usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi: hutoa gesi ya sumu.

Rafu mbili, si moja

Nyumbani kwangu dawa za mwili ziko kabatini, dawa za vitu ziko chini ya sinki, na dawa za macho zina kisanduku chao. Hili la macho nalisisitiza. Shirika la Afya Duniani limewahi kutoa tahadhari baada ya visa zaidi ya 40 vya majeraha makubwa ya macho katika nchi tisa za Afrika, vikiwemo vya upofu, kwa sababu klorheksidini ya asilimia 7.1 ya kupaka kitovu cha mtoto mchanga ilitiwa machoni. Vichupa na tyubu zake ndogo zilidhaniwa kuwa dawa ya macho.

Sihamishi dawa kwenda chupa nyingine, hasa ya maji au soda. Nikilazimika kuzimua, nabandika plasta na kuandika mambo manne: jina, asilimia, tarehe, na neno MWILI au VITU. Kabla ya kumimina, nasoma lebo kwa sauti, na aliye karibu anasikia.

Ikitokea dawa ya vitu imeingia kidondani, suuza kwa maji mengi safi mara moja. Ikiingia jichoni, fungua kope na utiririshe maji kwa dakika 15 hadi 20, kisha nenda hospitali. Mtu akiinywa, usimtapishe; mpeleke hospitali haraka. Vyovyote itakavyokuwa, nenda na chupa yenyewe, kwa sababu daktari ataanza na kusoma yale maandishi madogo.